Uzi: Hadithi ya kulala ya kumfunza mtoto majina ya hisia. Mbona ya kwangu imemtia hofu zaidi?

MamaZuu_Likoni

Habari zenu wazazi wenzangu, na walimu wa chekechea kama mpo humu. Mimi nakaa Likoni, kazi yangu iko kisiwani. Kila asubuhi namwacha binti yangu chekechea huku huku kwetu, kisha navuka feri. Ana miaka 5. Babake alisafiri kwenda kutafuta kazi Uarabuni, sasa ni miezi 3.

Tangu mwezi uliopita, akiamka siku ya shule hushika tumbo. "Mama, tumbo laniuma." Jumamosi halimuumi, Jumapili halimuumi. Nimempeleka kwa daktari, amepimwa, hana ugonjwa. Daktari akaniambia huenda ni mambo ya rohoni ambayo mtoto hana maneno yake, nijaribu kumfunza kusema anavyojisikia.

Basi nikatunga hadithi ya kulala. Nikamwambia moyo wako ni nyumba, na kila siku huja wageni: Bwana Hasira, Bi Huzuni, Bi Furaha, Bwana Woga, Bi Wivu na Bi Haya. Kila mgeni nikampa nguo yake na sauti yake. Kwa Kiswahili ndivyo tusemavyo, si ndiyo? Mtu huingiwa na hofu, hupandwa na hasira, hushikwa na haya. Nikaona lugha yenyewe imeshanipa hadithi.

Usiku wa tatu nilipofika pale "Bwana Woga akaingia bila kubisha hodi", mtoto akaketi kitako kitandani. "Mama, Woga aingilia mlango upi? Umetia komeo?" Tangu siku hiyo taa haizimwi na analala kwangu. Na tumbo bado lipo. Nimekosea wapi?

Baharia_Mtongwe

Dada, mtoto wa miaka 5 majina ya hisia ya nini? Ukimtajia woga ndiyo umemwitia. Sisi tulipigiwa hadithi za sungura na fisi, tukalala. Usiku si wakati wa kumsomesha mtoto mambo mazito. Mpigie za sungura, azime taa, asubuhi mshike mkono umpeleke shule. Tumbo litaisha lenyewe.

Mwalimu_wa_Kisauni

Mama Zuu, pole, na hongera kwa kujaribu. Nimefunza watoto wa miaka 4 na 5 kwa miaka mingi, na kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, kwa hivyo nalijua vizuri.

Mtu mzima akisikia "kuingiwa na woga" hajui hata kama pana mlango pale, maneno yameshasuguka. Mtoto wa miaka 5 anayasikia yakiwa mapya. Ukimwambia kitu kimeingia, basi kipo ndani, na kilipopita kipo. Mwanao alikusikiza vizuri sana. Umempa mtu asiyemjua, aingiaye nyumbani usiku bila hodi, na babake hayupo. Mimi pia ningeuliza komeo.

La pili, hisia 6 usiku mmoja ni nyingi. Watoto wa umri huo furaha huitambua mapema, hasira na kutokuwa na raha hufuata. Woga huwachanganya zaidi, na wivu na haya ni za baadaye kabisa, maana lazima ujue mwenzako anakuonaje. Mimi huchukua moja tu, nikakaa nayo wiki nzima kwa hadithi ile ile. Watoto hawachoki. Usiku wa nne ndipo wanaanza kukutangulia maneno, na hapo ndipo neno linapokuwa lao.

Sasa hadithi yenyewe. Usianze na jina, anza na mwili. Mtoto hajui "woga" ni nini lakini anajua tumbo lake, koo lake, miguu yake. Mnyama afaa kuliko mtoto mwenziwe, kwa sababu mnyama ana mwili unaoonekana. Paka akiogopa mkia hufura, masikio hulala nyuma, mwili hujikunja. Mwambie hayo kwanza, polepole. Mwache aone. Kisha mama wa paka alitaje jina, mara moja, kwa sauti ya chini kama atajaye jina la samaki. Si siri, si jambo kubwa.

Tukio nalo lisiwe lake hasa. Usimtungie hadithi ya msichana ambaye babake yuko ng'ambo. Atajua ni yeye, na ataingoja mwisho wake kama hukumu. Mama paka ametoka kidogo na atarudi, inatosha. Urefu ni dakika 5 hivi, na mwisho pawe na kitu cha kulalia: joto, pumzi, sauti ya mbali. Ukishazima taa usimuulize "na wewe huogopa nini?" Swali hilo lina kazi yake mchana, mkimenya viazi.

Kwa Baharia: kwa saa ya usiku uko sawa, wakati wa kulala si wa kuchimbua. Lakini hao sungura na fisi waliogopa, wakaona wivu, wakakasirika. Tulifunzwa hisia bila kuambiwa tunafunzwa.

Mama_Pacha_Tudor

Samahani naingilia. Mimi pia mwanangu ana hofu za usiku. Ana miaka 4, hulala vizuri, halafu kama saa moja na nusu baadaye huinuka akipiga makelele, macho wazi, jasho linamtoka, nikimwita hanijui. Asubuhi hakumbuki kitu. Hadithi gani ya woga nimsimulie?

Nesi_wa_Zamu

Mama Pacha, hilo lako ni jambo jingine na hadithi haitaligusa. Mtoto hapo hajaamka, yuko usingizini kabisa. Ndiyo maana hakujui na asubuhi hakumbuki. Usimtikise kumwamsha, utamchanganya tu. Kaa karibu, ondoa vitu vya kujigonga, ngoja ipite, hurudi kulala mwenyewe. Huja zaidi mtoto akiwa amechoka mno au ana homa, kwa hivyo angalia saa yake ya kulala. Wengi huacha wakikua. Ikiwa ni kila usiku, au viungo vinakakamaa na kurukaruka, mpeleke hospitali.

Na kwa Mama Zuu: tumbo la wasiwasi huuma kweli, mtoto hakudanganyi. Umefanya vyema kuanzia kwa daktari. Ukiona homa, kutapika, kukonda, au maumivu yanayomwamsha usingizini, rudi tena, usiseme "ni roho tu".

Mwanafunzi_wa_Lugha

Naomba nami niseme. Kabla ya kuchagua hadithi chagua neno. Hapa Mombasa mtoto husikia "uchungu" kwa jeraha, kwa msiba, na kwa mtu aliyeudhika. Akisema "nasikia uchungu" hujui umpe dawa au umkumbatie. "Roho yaniuma" vilevile, ni majonzi na ni kijicho. Ndiyo maana watoto wetu husema "tumbo". Tumbo ndilo neno lisilo na utata walilonalo.

Rai yangu ni kuwafunza maneno sanifu tangu mwanzo: huzuni, hofu, hasira. Shuleni atayakuta hayo.

Mwalimu_wa_Kisauni

Kuhusu uchungu umenena kweli, sikuwa nimeliwaza hivyo. Kuhusu huzuni sikubaliani nawe. Hakuna nyumba ninayoijua Kisauni ambapo mama humwambia mtoto "nina huzuni". Husema "leo sina raha". Neno la kitabuni mtoto huliimba darasani, akiangusha mandazi yake halitoki. Mimi hufunza "sina raha" kwanza, na huzuni naileta baadaye kama kaka yake.

Na kitu kingine cha lugha, ambacho kwangu ni kikubwa zaidi. "Naona woga" na "mimi mwoga" si kitu kimoja. La kwanza lapita, la pili ni jina la mtu. Katika hadithi yule paka, tumwite Kinyau, hakuna hata mara moja kusema ni mwoga. Huona woga.

Mwanafunzi_wa_Lugha

Hilo la mwisho nakubali. La huzuni bado. Mtoto akizoea "sina raha" atatofautishaje kuchoka, kuudhika na kuhuzunika? Zote ni kukosa raha.

MamaZuu_Likoni

Nimesoma yote mara mbili. Nimeitunga upya. Kinyau nimemchukua kwako, mwalimu. Nimemweka Mji wa Kale kwa sababu binti yangu anapenda paka wa kule. Nipe ukweli.

Paukwa!
Pakawa!

Palikuwa na kitoto cha paka, jina lake Kinyau. Kinyau alikaa Mji wa Kale, chini ya baraza ya mawe, karibu na soko la samaki. Kulikuwa na gunia kuukuu pale, laini, na gunia lilinuka mama.

Usiku mmoja mama yake alisema, "Kinyau, naenda sokoni. Wavuvi wamerudi. Nitakuletea kichwa cha samaki." Akamlamba sikio la kulia. Akamlamba sikio la kushoto. Akaenda, tapu, tapu, tapu.

Kinyau akakaa juu ya gunia.

Upepo ukavuma. Mlango mmoja wa mbao ukalia, nyiiii.

Mkia wa Kinyau ukafura, fuuu, ukawa kama brashi. Masikio yake yakalala nyuma. Na tumbo lake? Tumbo likajikunja, kunju, kunju, kama limekula kitu kibaya.

"Nimekula nini mimi?" Kinyau akasema. "Sijala kitu. Mbona tumbo langu lajikunja?"

Akalala ubavu wa kulia. Tumbo likajikunja. Akalala ubavu wa kushoto. Tumbo likajikunja. Akanywa maji kwenye kifuu. Tumbo likajikunja.

Tapu, tapu, tapu. Mama akarudi, na kichwa cha samaki mdomoni.

"Mama, mimi mgonjwa. Mkia wangu umefura. Masikio yangu yamelala nyuma. Tumbo langu lajikunja."

Mama akaweka samaki chini. Akamnusa puani. Pua ilikuwa baridi na majimaji. Akamnusa tumbo.

"Ulisikia nini?" mama akauliza.

"Mlango ulilia nyiiii. Na wewe hukuwepo."

"Aaa," mama akasema. "Mkia kufura, masikio kulala, tumbo kujikunja. Huo ni woga. Uliona woga."

"Woga," Kinyau akasema polepole.

"Woga," mama akasema. "Hata mimi huuona. Mbwa wa sokoni akibweka, mkia wangu hufura, fuuu."

"Kama brashi?"

"Kama brashi."

Wakala kichwa cha samaki. Mama akakunja mwili wake kumzunguka Kinyau juu ya gunia. Upepo ukavuma. Mlango ukalia, nyiiii. Tumbo la Kinyau likajikunja.

"Mama, woga."

"Nimesikia. Niko hapa."

Na woga ukatoka mbio, na Kinyau hakuogopa tena maisha yake yote. Mama akaanza kukoroma, korooo, korooo, na Kinyau akakoroma naye, korooo, korooo, mpaka adhana ya alfajiri.

Mwalimu_wa_Kisauni

Mama Zuu, nimemsomea mume wangu na amenyamaza kimya. Brashi hiyo watoto wangu wataipenda.

Kata sentensi moja: "Na woga ukatoka mbio, na Kinyau hakuogopa tena maisha yake yote." Kwanza umeurudisha ule mlango, sasa woga una miguu. Pili, kesho asubuhi tumbo litajikunja tena, na mwanao atasema hadithi ni ya uongo au yeye ana kasoro. Mlango umelia mara ya pili na tumbo limejikunja mara ya pili, na Kinyau akasema neno, na mama akasikia. Hapo ndipo pametosha. Toka pale nenda moja kwa moja kwenye kukoroma.

Pale mama anaponusa pua kwanza nimepapenda sana, sijui kama ulikusudia. Amehakikisha si ugonjwa kabla ya kulitaja jina. Fanya hivyo hivyo asubuhi. Akishika tumbo, usimwambie "unaona woga wewe". Huenda siku hiyo ameumwa kweli, na ukimpa jina lisilo lake ataacha kukuamini. Mguse paji la uso, kisha mpe mawili achague: "Ni tumbo la kuumwa au tumbo la kujikunja?" Mawili yanatosha. Ukimuuliza "wajisikiaje?" utajibiwa "vizuri" au utajibiwa kilio.

Na usingoje alitumie neno kwake kwanza. Kwa watoto wangu huanza kwa mwingine: mwanasesere, paka wa jirani, mtoto aliyesukumwa. Ukisikia "yule anaona woga", jua neno limeshaingia.

Baharia_Mtongwe

Mwalimu, nimerudi. Nilisema maneno makali kidogo hapo juu.

Mimi huvua. Kipindi cha kusi bahari huchafuka, na siku nyingine kabla ya kusukuma mashua tumbo huingia baridi. Wazee wetu walitufunza, tumbo likiingia baridi sema kabla hujaondoka, msitoke. Hakuna aliyetucheka. Lakini nyumbani nina kijana wa miaka 6, akiogopa kiza humwambia "wacha uoga, wewe mwanamume". Nimesoma pale pa "naona woga" na "mwoga" nikakaa kimya.

Bado sioni haja ya kumfunza mtoto kila jina. Lakini hiyo ya paka nitamsimulia.

MamaZuu_Likoni

Wiki 2 zimepita, nawaletea habari.

Usiku wa kwanza alicheka kwenye brashi, akaomba mara ya pili. Usiku wa tatu alinitangulia "kunju, kunju". Usiku wa tano nikajaribu kuruka kifuu cha maji kwa sababu nilikuwa nimechoka, akanirudisha. Taa sasa tunaizima, mlango wa chumba waachwa wazi kidogo. Bado huja kwangu usiku wa manane siku nyingine.

Siku ya sita tulikuwa tunapita kwenye kibanda cha kahawa, paka akashtuliwa na tuktuk. Akanivuta kanga: "Mama, mkia! Aona woga!" Nilitaka kupiga vigelegele pale barabarani.

Tumbo. Jumatatu iliyopita alilishika tena. Nikamgusa paji, nikamuuliza kama ulivyosema. Akafikiri sana. Akasema, "La kujikunja." Nikamwambia, "Nimesikia. Niko hapa." Akalia, akavaa viatu. Sikuchelewa feri. Jumatano halikumshika. Alhamisi likamshika, akalia zaidi kuliko mwanzo, na mwalimu wake akanipigia simu saa tatu kwamba ametulia. Kwa hivyo siwezi kusema limeisha.

Kosa moja nalitaja ili wengine wasilirudie. Ijumaa alimpiga mtoto wa jirani, nilipomkemea akasema, "Niliona woga." Nikakosa la kujibu, nikamwacha.

Mwalimu_wa_Kisauni

Huenda aliona woga kweli, mwenzake alimkaribia vibaya. Huenda ilikuwa hasira na neno alilonalo ni moja tu. Vyovyote, mwambie: "Nimesikia uliona woga. Kupiga hapana. Twende tukamwone." Neno halifuti kofi. Wiki ijayo mtungie Kinyau na hasira, ameporwa kichwa cha samaki: masikio moto, meno yamebana, makucha nje. Akiwa na maneno mawili atayapanga.

MamaZuu_Likoni

Ahsante mwalimu. Lingine ndilo linanisumbua zaidi. Babake hupiga simu ya video Jumapili usiku. Mtoto huingoja tangu asubuhi, auliza saa ngapi, saa ngapi. Simu ikilia hukimbia kujificha nyuma ya pazia na hataki kusema naye. Simu ikikatika hulia kwamba baba ameenda. Hiyo naiitaje? Ni hamu? Ni hasira? Ni haya?

Mwanafunzi_wa_Lugha

Kimvita kina neno hamu, na hapa ndipo pake. Mwambie una hamu na baba.

Mwalimu_wa_Kisauni

Mimi nisingempa jina bado. Naona ni mbili au tatu kwa pamoja, na mtoto wa miaka 5 akiambiwa anampenda na amemkasirikia mtu mmoja saa ile ile haimkai kichwani, anadhani lazima moja iwe uongo. Ukichagua hamu, hasira itakosa mahali. Ukichagua hasira, atadhani hampendi baba. Sema unachokiona tu: "Umengoja simu siku nzima, na sasa uko nyuma ya pazia." Basi. Na babake aambiwe mapema asimbembeleze "njoo useme na baba". Azungumze nawe, mtoto asikie sauti.

Niseme kweli, hili sina hadithi yake. Nimejaribu kutunga mara nyingi, haijakaa.

MamaZuu_Likoni

Leo atapiga baada ya isha. Nimeshamweleza. Nitaiegemeza simu kwenye jagi la maji, mahali inapoonekana kutoka kwenye pazia, na nimemwomba babake asimulie hadithi ya Kinyau yeye mwenyewe, mimi niwe ndiye msikilizaji. Ameniandikia anauliza mlango ulilia vipi.